Mtoto Anayekimbia na Sahani Inayorudi Nzima

Mtoto wa kike mwenye umri wa miaka tisa, mkimbiaji wa mbio za shule, analetwa kliniki na mama yake. Malalamiko ya mama ni kwamba mtoto amekuwa mchaguzi wa chakula: asubuhi hunywa chai tupu, jioni huacha ugali, na maharage hayagusi kabisa. Hana homa wala kuharisha. Mfano huu unakusanya mambo ambayo wahudumu wa afya hukutana nayo mara kwa mara, na unaonyesha jinsi tatizo moja linavyoweza kujificha nyuma ya jingine.

Muuguzi anampima na kupata kilo 28 na urefu wa sentimita 132. Uzito ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu ni 16.1. Katika chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, namba hiyo iko karibu na katikati kabisa kwa msichana wa umri huo. Mhudumu mwenye haraka angeishia hapo. Lakini daftari la mtoto linaonyesha kwamba miezi sita iliyopita alikuwa na kilo 28.4 na sentimita 130. Ameongezeka urefu huku uzito ukipungua. Mtoto anayekua hapaswi kupungua uzito, hata kama namba yake ya leo ni ya kawaida. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Kinachosomwa ni mwelekeo.

Muuguzi hamsomei mtoto namba hizo kwa sauti. Anamwuliza kwa upole, "Mwanangu, siku yako ya mazoezi huwaje, tangu unapoamka?" Mtoto anaeleza kuwa shangazi yake alimwambia mbele ya wageni kwamba amenenepa na mwalimu atamtoa katika mbio. Tangu siku hiyo anagawa asusa yake kwa wenzake. Alichodhaniwa kuwa uchaguzi wa chakula kilikuwa hofu ya mwili wake mwenyewe.

Mzaha wa namna hiyo hutolewa kwa mapenzi, lakini mtoto huubeba kama hukumu. Wengine huanza kujinyima. Wengine hula kwa kujificha. Kumwita mtoto mwembamba "mti mkavu" kuna madhara yale yale. Ushauri wa muuguzi kwa mama ni mfupi: nyumbani pasitajwe unene wala wembamba wa mtu yeyote, hata wa mama mwenyewe. Badala yake pasemwe kile chakula kinachofanya: uji unatoa nguvu ya kukimbia, maharage na mayai vinajenga misuli. Shangazi aombwe faraghani, kwa heshima, aache mzaha huo.

Baada ya hapo ndipo unapangwa mlo. Tumbo la mtoto ni dogo, hivyo anahitaji milo mitatu na asusa mbili, kwa mapengo ya saa mbili hadi tatu. Saa moja au mbili kabla ya mazoezi anafaa kula kitu chepesi chenye wanga, kama ndizi mbivu au kiazi kitamu cha kuchemsha. Baada ya mazoezi anafaa kupata maziwa, au yai na kipande cha muhogo, au konzi ya karanga kama hazimdhuru. Kinywaji ni maji. Soda ya mililita 350 yaweza kuwa na gramu 35 hivi za sukari. Humshibisha mtoto na kumnyima hamu ya mlo. Chai nayo isinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga.

Kuhusu maharage yanayokataliwa, mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliweka mgawanyo wa majukumu unaotumika hadi leo: mzazi huamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto huamua kama atakula na kwa kiasi gani. Mama ataendelea kupakua kijiko kimoja cha maharage kando ya chakula ambacho mtoto anakipenda, bila kumlazimisha, kumwahidi pipi wala kumsifu kupita kiasi. Huenda yakahitajika majaribio kumi au zaidi kabla mtoto hajayakubali.

Mtoto atapimwa tena baada ya mwezi mmoja. Uzito ukiendelea kushuka, au akianza kujitapisha, kuishiwa nguvu, kupauka viganja, kupaliwa anapokula au kukataa kundi zima la vyakula, apelekwe kwa daktari bila kusubiri. Siku ya kipimo hicho mizani iwe mahali pa faragha, na namba iandikwe kimya.