Faida ya piramidi inatoka mfukoni mwa nani?

Kina mama wa chama kimoja hapa Kisauni walinialika niwazungumzie habari za piramidi, maana baadhi yao wameshaanza kutumiwa jumbe za kuweka elfu kumi na kutoa elfu ishirini mwezi ukiisha. Niliyowaeleza nayaandika hapa.

Niliwaomba kwanza tumchukulie mwenye mpango kuwa ni mtu mwaminifu, haibi hata ndururu. Mwezi wa kwanza wanaingia watu 10, sanduku linakuwa na laki moja. Mwezi ukiisha wanadai laki mbili, na hakuna duka, mashua wala shamba lililoizaa ile laki ya pili. Itatoka kwa watu 10 wapya. Wa kwanza wakishalipwa, sanduku ni tupu, na hawa wapya nao wanangojea laki mbili zao. Safari hii lazima wapatikane 20, kisha 40, kisha 80. Mwezi wa 10 watahitajika wageni 2,560, na wa 12 wageni 10,240. Kisauni yote tutawatoa wapi?

Mama mmoja akaniuliza, "Mbona jirani yangu alilipwa kweli?" Alilipwa, naam, tena kwa wakati. Malipo yake ndiyo tangazo lenyewe, kwa sababu ndiye atakayewaleta dada na mashemeji. Wengi wakilipwa huzirudisha zote ndani, na hapo mpango hupata pumzi kidogo, lakini deni linazidi kuvimba.

Piga hesabu tena utaona jambo la kutisha: siku wageni wakikosekana, kundi la mwisho ni nusu ya wote walioingia tangu mwanzo. Hao ndio wasiopata kitu. Na hiyo ni kwa mwenye mpango mwaminifu!

Tuliyaona haya nchini mwaka 2006 na 2007. Jopo la serikali lililoongozwa na marehemu Francis Nyenze lilikuta kwamba waliowekeza walikuwa zaidi ya watu 148,000, na zaidi ya shilingi bilioni 8 zilipotea.

Wengine walitaka kujua kama mchezo wetu wa kupeana nao ni piramidi. Sivyo. Watu 20 wakitoa elfu moja moja, kila mmoja kwa zamu yake hupata elfu 20, na mchezo ukiisha atakuwa ametoa elfu 20 hizo hizo. Hakuna aliyeahidiwa ziada, wala hahitajiki mtu wa 21.

Kwa hivyo muulizeni anayewaalika: asipoingia mtu mpya kuanzia leo, mtatulipa na nini? Na aliyekwisha kuingia asikilize lugha ikibadilika. Mara mtambo unarekebishwa, mara ulipe kodi kwanza ndipo utoe pesa zako. Ukisikia hivyo, usiongeze hata shilingi, na yule shemeji uliyekuwa ukimshawishi mpigie simu leo leo.