Lita Ngapi Zitatosha Saa 48?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na kulipokucha Jumamosi maeneo mengi yalikuwa bado hayajarudishiwa. Abiria katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta walijikuta gizani kwa sababu jenereta iliyotegemewa ilikataa kuwaka. Kisa hicho kilisikika dunia nzima. Kuna balaa nyingine isiyotangazwa sana: jenereta inawaka vizuri, inafanya kazi usiku kucha, kisha inazimika kwa kukosa mafuta kabla umeme haujarudi. Hapo fundi hana lawama. Kosa lilifanyika siku tangi liliponunuliwa.

Chukua mfano wa hospitali ya wilaya yenye jenereta ya 100 kVA. Kibao chake kitaonyesha pia kilowati 80, na hiyo ndiyo namba ya kuangalia, kwa kuwa mafuta hufuata kilowati. Mchana, chumba cha upasuaji, maabara, pampu ya maji na viyoyozi vikiwa kazini, skrini ya jenereta inasoma kilowati 45. Usiku zinabaki taa, majokofu ya dawa na damu, na mashine za wodini: kilowati 20. Uongozi unataka hospitali iweze kujitegemea kwa saa 48. Tangi liwe la lita ngapi?

Jibu la haraka huanzia kwenye kitabu cha mtengenezaji. Jenereta ya ukubwa huu ikibeba mzigo wote wa kilowati 80 hunywa kama lita 22 kwa saa. Mwenye kuzidisha 22 kwa 48 atapata lita 1,056 na kujiona yuko salama, ingawa jenereta yake haitabeba mzigo huo hata siku moja. Mwingine atajifanya mjanja zaidi: mzigo wa usiku ni robo, basi mafuta nayo yatakuwa robo, lita tano na nusu kwa saa. Huyu wa pili ndiye atakayezimikiwa.

Injini ya jenereta haipunguzi mwendo mzigo unapopungua. Ili umeme utoke kwa hezi 50 zinazotumika nchini, jenereta nyingi za ukubwa huu lazima zizunguke mara 1,500 kwa dakika, wodi ziwe zimewaka zote au imebaki taa moja ya getini. Kuzungusha pistoni, feni ya rejeta, pampu ya maji na pampu ya oili kuna gharama yake, kama daladala iliyosimama kwenye foleni huku injini inanguruma. Kwa jenereta yetu gharama hiyo ni kama lita mbili kila saa, hata kabla haijatoa umeme wowote. Juu ya hizo mbili, kila kilowati inayobebwa huongeza takriban robo lita kwa saa.

Kwa hiyo kilowati 20 za usiku zinataka lita saba, si tano na nusu. Mzigo wa nusu, kilowati 40, unataka lita 12, na robo tatu lita 17. Ukigawa kwa uniti, usiku kila uniti inakula lita 0.35, ilhali kwa mzigo kamili ingekula lita 0.275 tu. Mzigo mdogo hupunguza mafuta kwa saa, lakini hufanya kila uniti kuwa ghali.

Sasa hesabu ya hospitali. Mchana, kilowati 45 zinahitaji lita 13 na robo kwa saa. Kwa saa 12 ni lita 159. Usiku, lita saba kwa saa 12 ni 84. Siku nzima ni lita 243, na saa 48 ni lita 486. Yule aliyehesabu kwa uwiano angepata lita 429. Pengo ni lita 57, yaani muda wa saa nane za usiku wa pili bila umeme.

Namba za kitabu zinafaa kupangia, ila kila injini ina tabia yake, hasa iliyozeeka au yenye chujio la hewa lililojaa vumbi. Kuipima si kazi ngumu. Jaza tangi hadi alama, endesha jenereta kwa mzigo usiobadilika kwa saa mbili, kisha rudishia mafuta kwa chombo chenye vipimo mpaka ifike alama ileile. Rudia kwa mzigo mwingine, nawe utakuwa na namba zako mbili. Anayefunga mita kwenye bomba la kupeleka mafuta peke yake hudanganyika, kwa sababu injini nyingi za dizeli huvuta mafuta mengi kuliko zinavyochoma na kurudisha yaliyobaki tangini kupitia bomba la pili.

Lita 486 bado si ukubwa wa tangi. Hospitali itaongeza mashine na gari la mafuta linaweza kuchelewa, basi tuongeze robo: zinafika kama lita 610. Tangi nalo halitumiki lote. Maji na uchafu hutuama chini, ndiyo maana bomba la kunyonya huwekwa sentimita kadhaa juu ya sakafu yake, na juu huachwa nafasi ili dizeli ikipata joto isifurike.

Fikiria tangi la chuma la mraba, mita moja kila upande, lita 1,000. Kila sentimita ya kijiti cha kupimia ni lita 10. Sentimita tano za chini hazihesabiwi, na tano za juu hazijazwi. Ili lita 610 ziwepo muda wote, mafuta yasishuke chini ya sentimita 66. Hapo ndipo uchorwe mstari mwekundu, kwa sababu saa 48 huhesabiwa kutoka kiwango cha chini kinachoruhusiwa kabla ya kuagiza mafuta. Wanaongoja tangi lifike nusu wana lita 450 za kutumika, hazifiki hata saa 48. Kati ya mstari huo na sentimita 95 kuna lita 290 za kukatika kwa kawaida, zaidi kidogo ya siku moja.

Kwa nini basi wasinunue tangi la lita 3,000 wakalala usingizi? Kwa sababu dizeli huchakaa. Ikikaa zaidi ya mwaka bila kutunzwa huanza kutoa utando unaoziba machujio, na pale inapokutana na maji huota vijidudu. Kiwango cha Kimarekani cha NFPA 110 kinataka jenereta ya dharura ijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30, ikibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Kwa jenereta yetu hizo ni kilowati 24, na zinachoma lita nne tu. Mwaka mzima wa majaribio unamaliza lita 48.

Hiyo asilimia 30 ina sababu. Injini inayobeba mzigo mdogo muda mrefu haipati joto la kutosha. Mafuta hayachomeki yote, na majimaji meusi yenye utelezi huanza kuvuja kwenye maungio ya ekzosi. Usiku wa kilowati 20 uko chini kidogo ya mpaka, lakini mzigo wa mchana husafisha. Aliyenunua 200 kVA kwa mzigo huohuo hana mchana wa kumwokoa: usiku wake wa kilowati 20 ni asilimia 12 na nusu tu ya uwezo wa mashine, na hata mchana wake haufiki asilimia 30.

Mstari mwekundu nao haudumu milele. Chumba cha baridi kinachovuta kilowati tano mchana na usiku kinahitaji lita 60 zaidi kwa saa 48. Nyongeza ya robo itakibeba, lakini itabaki nusu. Anayetaka akiba yake ibaki ileile auhamishe mstari sentimita sita juu siku hiyohiyo mashine inapofungwa.