Entropi: joto la bani haligeuki likarudi kwenye moto

Wadau, wengi wanaofungua slaidi za thamodinamiki wanakwama kwenye neno moja tu: entropi. Slaidi inasema ni "kipimo cha mvurugano", basi, imeishia hapo. Mtihani ukitaka ueleze kwa maneno, sentensi hiyo haikufikishi mbali. Twendeni Urambo, kwenye bani la tumbaku ya mvuke.

Waliokulia huko wanalijua: kijumba cha matofali, moto unawashwa kwa nje, moshi wake unapita kwenye mabomba ya bati yaliyolazwa chini ndani. Bati likipata moto linapasha hewa, majani yaliyoning'inia yanakauka. Sasa jiulize, kwa nini hewa ya vuguvugu isipoe yenyewe, joto lake lirudi kwenye bomba, bomba lizidi kuwaka? Kanuni ya kwanza haina shida na hilo, maana nishati ni ileile. Anayekataa ni kanuni ya pili.

Tuseme moto ndio umeshika. Bomba liko nyuzi 127, yaani kelvini 400. Hewa ya ndani bado ni nyuzi 27, yaani kelvini 300. Jouli 1200 zinavuka kutoka bomba kwenda kwenye hewa. Ni joto dogo, halijoto za pande zote mbili hazijabadilika kitu. Badiliko la entropi ni joto gawanya kwa kelvini:

```
bomba: -1200/400 = -3
hewa:  +1200/300 = +4
jumla:             +1
```

Joto likirudi nyuma, jumla inakuwa -1. Hiyo haitokei.

Angalia mtego hapo. Entropi ya bomba imepungua! Wanafunzi kibao huandika "entropi haipungui kamwe" na kukosa maksi. Kisichopungua ni jumla, ukihesabu kila kilichohusika.

Kwa nini lakini? Ni suala la kuhesabu njia. Rusha sarafu 10: njia ya kupata vichwa vyote ni 1, njia za kupata vichwa vitano ni 252. Hakuna anayezilazimisha, ila tano kwa tano ina njia nyingi. Joto likitoka kwenye moto kwenda kwenye ubaridi, njia za kugawana nishati kati ya chembe huongezeka vivyo hivyo, tena chembe zenyewe si 10, hazihesabiki.

Sasa bani lenye nyufa. Joto linalotoka nje halijapotea, limesambaa kwenye hewa yenye nyuzi 27 sawa na jani bichi lililotoka shambani. Bila tofauti ya halijoto, joto haliendi popote, halikaushi jani. Mkulima anarudi porini kukata miombo mingine. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini kuni za jana hazikaushi tumbaku ya leo, usiandike "nishati imeisha". Andika kwamba ipo yote, ila imesambaa, na kujikusanya tena yenyewe kungehitaji jumla ya entropi ipungue.