Dawa Inayomlaza Mtoto Ndiyo Inayomzuia Kuanguka

Mwezi huu nataka tuzungumzie kidonge kidogo cheupe ambacho kimo katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kifafa. Kinaitwa fenobabitoni. Mama mmoja alikiacha kwa sababu aliyoiona kuwa njema kabisa, na nusura ampoteze mwanawe.

Mtoto huyo alikuwa wa kiume, mwenye umri wa miaka minne na uzito wa kilo 16. Alikuwa na kifafa, na kila usiku alipewa miligramu 45 za fenobabitoni, yaani kidonge kimoja na nusu cha miligramu 30. Kwa miezi minane hakuanguka hata mara moja. Lakini alikuwa mzito wa kuamka asubuhi, na jirani akamwambia mama yake, "Hiyo dawa inamlevya mtoto, itamharibu akili." Mama akaona mtoto amekwisha kupona, akaviweka vidonge kabatini.

Siku ya sita, saa tatu usiku, mtoto alianza kutupa mikono na miguu. Mama alingoja ikome kama zamani, lakini haikukoma. Usafiri ukachelewa. Walipotufikia, saa ilikuwa 3:40, na mtoto alikuwa bado anatetemeka, midomo imeanza kuwa ya buluu.

Tulimlaza ubavu, tukamsafisha mdomo, tukampa hewa ya oksijeni na kupima sukari ya damu, kwa maana sukari ikishuka nayo huleta degedege. Sukari ilikuwa sawa. Hapo tukampa diazepamu, ile ambayo wengi wetu tunaiita Valiamu. Kwa njia ya haja kubwa mtoto hupewa nusu miligramu kwa kila kilo, kwa hiyo kilo 16 ni miligramu 8. Dawa yetu ilikuwa na miligramu 5 katika kila mililita, basi tulivuta mililita 1.6 katika bomba, tukaondoa sindano yenyewe, tukaingiza ncha ya bomba taratibu, kisha tukayabana matako ili dawa isitoke.

Dakika 10 zikapita, mtoto anatetemeka bado. Tukarudia dozi ile ile. Baada ya dakika chache mwili ukalegea na mitetemo ikakoma. Mama akasema, "Asante Mungu, amelala!" Lakini mimi nilikuwa natazama kifua chake. Pumzi zilikuwa zimekuwa ndogo mno na za mbali mbali. Ilitubidi tumpulizie hewa kwa mfuko na kinyago mpaka alipoanza tena kupumua vizuri mwenyewe.

Katika saa ile moja mama aliona mambo matatu: degedege iliyokoma, usingizi mzito, na pumzi iliyotaka kukatika. Yote matatu yalitokana na kazi moja ya dawa. Hebu tuone kazi yenyewe.

Chembe za neva katika ubongo huzungumza kwa umeme mdogo. Kama chembe zote zingesema kwa pamoja bila kupumzika, mwili ungetupwatupwa huku na huku, na hiyo ndiyo degedege. Kwa hiyo ubongo una breki yake, kemikali iitwayo gaba. Chembe moja hutoa gaba, nayo huenda kukaa juu ya chembe jirani, mahali paitwapo kipokezi.

Kipokezi hicho ni kama mlango mdogo uliofungwa, na gaba ndiyo ufunguo wake. Mlango ukifunguka, kloraidi huingia ndani ya chembe. Kloraidi ni ile ile iliyomo katika chumvi yetu ya mezani, nayo ina umeme wa upande wa hasi. Ikiingia, chembe hutulia na haiwaki upesi.

Diazepamu ni ya jamii ya benzodiazepini. Haiufungui mlango yenyewe. Inakaa pembeni mwa kipokezi na kuusaidia ufunguo, hata gaba iliyopo iufungue mlango mara nyingi zaidi. Kama hakuna gaba, dawa hii haina la kufanya.

Fenobabitoni ni ya jamii ya babitureti. Nayo hukaa kwenye mlango huo huo, ila mahali pengine, na kazi yake ni kuufanya ukifunguka ukae wazi kwa muda mrefu zaidi. Tena dozi ikiwa kubwa sana, babitureti huweza kuufungua mlango hata pasipo ufunguo. Ndiyo sababu kumeza vidonge vingi vya fenobabitoni kwa mkupuo ni hatari kuliko kumeza vingi vya diazepamu peke yake. Breki haina tena kikomo, na sehemu ya ubongo inayoamuru kifua kipumue hunyamazishwa pamoja na nyingine. Diazepamu nayo huweza kufika huko ikirudiwa rudiwa, au ikichanganywa na pombe, kwa kuwa pombe pia huongeza nguvu ya breki hiyo hiyo.

Sasa, dada, unaona kwa nini usingizi na kuzuia kifafa ni ndugu. Milango hii imetapakaa karibu ubongo wote. Dawa haichagui kwenda mahali palipo na degedege tu. Inatuliza pale, inatuliza na sehemu zinazotuweka macho. Hata kuvumbuliwa kwake kulikuwa hivyo. Mwaka 1912, huko Ujerumani, daktari kijana Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wa kifafa fenobabitoni kama dawa ya usingizi, akagundua kwamba wanaanguka mara chache zaidi. Dawa hiyo hiyo ndiyo Dakta Louise Jilek-Aall aliyoitegemea katika kliniki ya kifafa aliyoianzisha Mahenge, hapa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpaka leo inatumika kwa kuwa ni ya bei nafuu na hunywewa mara moja kwa siku.

Basi kwa nini mtoto wetu hakuanguka siku ya kwanza alipoacha dawa? Kwa sababu fenobabitoni hutoka mwilini polepole sana. Huchukua siku kadhaa kupungua hadi nusu tu. Siku mbili za mwanzo alikuwa bado na akiba damuni, na mama alimwona mchangamfu kuliko kawaida, akazidi kuamini kwamba amefanya vyema. Lakini katika miezi ile minane ubongo wake ulikuwa umekwisha kuizoea dawa. Ukipata msaada wa breki kila siku, ubongo hulegeza breki zake wenyewe. Msaada ukiondolewa ghafula, mtoto hubaki na breki dhaifu kuliko aliyokuwa nayo kabla hajaanza dawa. Ndiyo maana aliangushwa na degedege ndefu ambayo hakuwahi kuipata zamani.

Na kwa nini diazepamu ya kwanza haikutosha? Degedege ikiendelea kwa muda mrefu, chembe huanza kuivuta milango ile kutoka nje na kuificha ndani. Dawa inafika, lakini milango ya kusaidia imepungua. Dozi ambayo ingetosha dakika ya tano haitoshi dakika ya arobaini, na kila dozi unayoongeza inakaribia zaidi kuzuia pumzi. Kwa hiyo, mama, mtoto akianza kuanguka tazama saa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Zikifika dakika tano hajaacha, usingoje tena, anza safari ya hospitali.

Turudi kwenye ule usingizi wa asubuhi uliomwogopesha mama. Mtoto anayeanza fenobabitoni husinzia, hasa katika wiki mbili tatu za kwanza, mpaka dawa itulie damuni na ubongo uizoee. Watoto wengine hugeuka kuwa watundu na wenye hasira badala ya kusinzia. Hayo yote ni ya kumwambia mganga, maana anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa. Dalili za dozi kuzidi ni nyingine: mtoto anayumba akitembea kama mlevi, maneno yake yanavutika, humwamshi hata ukimtikisa, au pumzi zake zimekuwa chache. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akitoka vipele mwilini au vidonda mdomoni baada ya kuanza dawa, naye apelekwe mara moja.

Wakati wa kuacha dawa hufika kwa watoto wengi. Kwa kawaida mganga huanza kufikiria jambo hilo mtoto akimaliza miaka miwili bila kuanguka. Hata hapo dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, ili ubongo upate nafasi ya kujirudishia breki zake.

Nina neno moja pia kwetu sisi wenyewe. Najua wapo akina mama wanaonunua Valiamu dukani ili wapate usingizi. Ni mlango ule ule. Baada ya wiki chache za kuinywa kila usiku, kidonge kimoja hakilazi tena, na ukiiacha ghafula unapata wasiwasi, kutetemeka, pengine na degedege hata kama hujawahi kuwa na kifafa. Kama umeinywa kwa muda mrefu, usiitupe leo. Nenda kwa mganga akupangie namna ya kupunguza.

Yule mtoto alizinduka kesho yake kabla ya saa sita mchana, akaomba uji. Mama yake aliniambia, "Sista, mimi nilidhani usingizi ni ugonjwa mwingine, kumbe ni dawa inafanya kazi." Nilimjibu kwamba amesema kweli nusu. Usingizi mwingi mno si wa kuvumiliwa, ila wa kuuondoa ni mganga kwa kupanga dozi, si sisi kwa kufunga kabati. Daktari alimrudisha kwenye dawa yake, akapunguza dozi ya usiku kidogo, akamwambia aje baada ya wiki mbili.

Alikuja. Mtoto alikuwa ameamka mwenyewe asubuhi ile na kuvaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Mama alikuwa amevihesabu vidonge vilivyobaki, vinamtosha siku nne, na alitaka vingine kabla havijaisha.