Kidole Kilichokataa Kunyooka

Tuchukue ujumbe wa aina inayowafikia madaktari wa simu kutoka Ghuba. Fundi vyuma wa Mombasa aliyeko Doha anaandika usiku, baada ya zamu: "Shikamoo daktari. Waya ulinichoma kidole cha kati siku nne zilizopita. Kimevimba na kinatoa maji ya njano. Mwenzangu amenipa vidonge. Supavaiza hajui, naogopa kukatwa mshahara." Chini yake kuna picha tatu.

Ya kwanza imeungua kwa mwanga wa simu. Ya pili ameipiga karibu sana na inaonyesha tundu dogo kama punje ya mtama; ukiitazama hiyo peke yake utamwambia aoshe, afunge, alale. Ya tatu ndiyo yenye habari, ingawa yeye mwenyewe nusura asiitume: mkono mzima juu ya godoro, vidole vingine vimelegea, cha kati kimejikunja na kimevimba sawasawa toka ncha hadi shina.

Kano zinazokunja kidole hupita ndani ya ala, mfano wa kisu na ala yake. Usaha ukiingia humo hukosa njia, ukajaa, ukabana mishipa inayolisha kano. Kano ikifa, kidole hubaki kigumu hata jeraha likipona. Allen Kanavel, mpasuaji wa Chicago, alizieleza dalili za hali hii mwanzoni mwa karne ya 20, nazo ni nne. Picha imetoa mbili. Mbili zilizobaki ni za maumivu, na maumivu hayapigwi picha.

Kwa hiyo daktari anauliza: "Bonyeza taratibu upande wa kiganja, toka ncha hadi shina. Panauma wapi? Kisha kinyooshe kidogo kwa mkono wa pili."

"Panauma pote. Kukinyoosha nimeshindwa, nimepiga yowe wenzangu wameamka."

Basi ni hospitali usiku huu huu. Vidonge peke yake havitautoa usaha ulioziba ndani ya ala. Huenda akahitaji kupasuliwa na ala kuoshwa, ndiyo maana anaambiwa asile kitu njiani na ainue mkono juu ya usawa wa moyo. Anaulizwa pia jina la vidonge, kama ana kisukari, na lini alichanjwa pepopunda. Wekundu hauulizwi sana. Kwenye ngozi nyeusi hujificha, na ni afadhali kulinganisha na mkono mzima: ngozi inayong'aa, mikunjo iliyopotea, joto.

Kuhusu mshahara daktari hana nguvu. Anamwandikia barua fupi yenye saa na tarehe, ya kuonyesha getini na mapokezi, na kumkumbusha namba ya dharura ya Qatar, 999.

"Sawa. Ila pete ya kidole cha pili imekwama."

"Jaribu sabuni. Ikikataa usiivute, wataikata hukohuko. Toka sasa."