Homonimu, Polisemi na Haiponimu: Mto, Mwezi na Ndege

Wanafunzi wengi hutenganisha homonimu na polisemi kwa kuangalia ngeli: upatanisho ukibadilika, husema ni homonimu, usipobadilika, husema ni polisemi. Kigezo hiki hakitoshi, na maneno matatu ya kila siku yanaonyesha sababu.

Tuanze na *mto*. Neno hili hutaja maji yatiririkayo kuelekea baharini, na pia kitu kinacholazwa kichwa kitandani. Upatanisho ni ule ule: *mto huu, mito hii*. Hata hivyo, hakuna uzi wa maana unaomwezesha msemaji kutoka maana moja hadi nyingine. Haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa umbo, yaani homonimu, na kamusi huyapa vidahizo viwili.

*Mwezi* nalo lina upatanisho mmoja: *mwezi huu, miezi hii*. Hapa uzi upo. Kipindi cha siku 29 au 30 kilihesabiwa kwa kufuata mwandamo wa mwezi wa angani, na ndivyo Ramadhani inavyohesabiwa hadi leo. Maana ya pili imezaliwa na ya kwanza. Hili ni neno moja lenye maana zinazohusiana, yaani polisemi. Kamusi huweza kuziorodhesha kwa nambari chini ya kidahizo kimoja.

*Ndege* ndilo linalowakwaza wengi. Linganisha:

1. Ndege wawili wametua uwanjani.
2. Ndege mbili zimetua uwanjani.

Upatanisho umebadilika, lakini uhusiano wa maana uko wazi: chombo kimepewa jina la kiumbe kwa kuwa vyote viwili huruka. Hii ni polisemi. Mtunga kamusi akiamua kutenga vidahizo kwa sababu ya ngeli, uamuzi wake ni wa kisarufi. Haufuti uhusiano huo. Kwa mfasiri, upatanisho una kazi nyingine: humwambia ni maana ipi iliyokusudiwa katika sentensi.

Haiponimu ni jambo tofauti, kwa maana huhusu maneno yenye maumbo mbalimbali, moja likiwa aina ya jingine. Kipimo chake ni sentensi “Kila A ni B”, ambayo haikubali kugeuzwa. Kila njiwa ni ndege, lakini si kila ndege ni njiwa. Kwa hiyo *njiwa*, *kunguru* na *mbuni* ni haiponimu za *ndege*. Si maana zake.

Kipimo hiki pia hufichua polisemi. Kila helikopta ni ndege vilevile, ila helikopta na njiwa haziwezi kuwekwa katika orodha moja ya aina za ndege. Kila maana ya neno ina haiponimu zake.

Basi unapokutana na umbo lenye maana mbili, tafuta kwanza uzi unaoziunganisha, kisha ndipo utazame ngeli.