Mzigo Ulioko Njiani

Tuchukue duka la vitambaa lenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Mwanza. Daftari la Dar lina akaunti ya tawi, upande wa debiti. La Mwanza lina akaunti ya makao makuu, upande wa krediti. Salio lapaswa kuwa moja, maana ni deni lilelile linalotazamwa kutoka pande mbili.

Desemba 31, Dar inasoma shilingi 8,400,000, Mwanza 6,900,000. Kabla ya kumshuku mtu, angalia barabara. Vitenge vya 900,000 vilipakiwa tarehe 30. Dar imeviandika, Mwanza haijavipokea. Nayo Mwanza imetuma fedha 600,000 ambazo Dar haijaziona. Mwanza ikiongeza vitenge na Dar ikipunguza fedha, kila upande unabaki na 7,800,000. Sasa akaunti hizo mbili zinafutana, na hesabu za pamoja zinaonyesha vitenge na fedha hizo kama mali iliyoko njiani.

Tofauti ikibaki, igawe kwa mbili, utafute kiasi hicho: mara nyingi karani (huwa jioni, amechoka) amekiandika upande usio wake.